Kufunga floti jioni: jumla moja, pande mbili, au taarifa ya laini?

Mawakala wengi wa pesa za simu hapa Mombasa hufunga siku kwa swali moja: asubuhi nilikuwa na laki moja, je, laki ipo? Floti, yaani pesa iliyo kwenye laini ya uwakala, ikijumlishwa na keshi ya droo ikafika laki, kibanda kinafungwa. Ikipungua mia tano, mhudumu anazilipa mfukoni au zinakatwa kwenye mshahara, na kibanda kinafungwa vile vile. Njia hii nitaiita jumla moja. Njia ya pili ni pande mbili: floti inafungwa peke yake na keshi peke yake, kila moja ikilinganishwa na kile daftari linasema ingepaswa kuwa. Ya tatu ni kuchukua taarifa ya laini ya uwakala na kuipitia muamala kwa muamala.

Zote tatu ni hesabu sahihi. Tofauti yao ni kile ambacho kila moja inaweza kukwambia pesa inapokataa.

Msingi ni mmoja kwa njia zote. Mteja akiweka, anakupa keshi nawe unampa floti, kwa hiyo droo inapanda na laini inashuka kwa kiasi kile kile. Akitoa, laini inapanda na droo inashuka. Ukipeleka keshi benki kununua floti ni kama wewe mwenyewe umetoa pesa: droo chini, laini juu. Ada ya kutoa haipiti kwako, inakatwa kwenye akaunti ya mteja. Akitoa 2,000, laini yako inapanda 2,000 kamili. Ndiyo maana siku nzima ya miamala iliyofanywa sawasawa haisogezi jumla hata kwa shilingi. Kinachoisogeza ni makosa, wizi, matumizi yaliyochomolewa kwenye droo, au pesa mpya iliyoingia, kama mtaji ulioongezwa au kamisheni.

Jumla moja ina sifa yake: haihitaji daftari lililonyooka. Unasoma salio la floti, unahesabu noti, unajumlisha, basi. Mwenye kibanda anayekaa mwenyewe dirishani, mwenye laini moja na wateja wachache, haina haja kumsumbua kwa zaidi ya hapo kila usiku. Lakini inatoa jibu moja tu, kiasi cha pengo, na pengo la kiasi kile kile linaweza kuwa na hadithi mbili zisizofanana hata kidogo. Tuchukue mfano.

Kibanda kiko Kongowea, upande wa sokoni. Asubuhi kimefungua na floti 60,000 na keshi 40,000. Wachuuzi wameuza viazi na vitunguu tangu alfajiri na hawataki kutembea na noti, kwa hiyo kuweka kumekuwa kwingi, floti imepungua sana kabla ya adhuhuri, na mhudumu amepeleka 30,000 benki kununua nyingine. Jioni daftari linaonyesha kuweka 83,400 na kutoa 51,700. Hesabu ya pande mbili ni hii:

```
floti = ya kufungulia - kuweka + kutoa + iliyonunuliwa
      = 60,000 - 83,400 + 51,700 + 30,000 = 58,300

keshi = ya kufungulia + kuweka - kutoa - iliyopelekwa benki
      = 40,000 + 83,400 - 51,700 - 30,000 = 41,700
```

Hizo ndizo zinazotarajiwa, na jumla yao ni laki. Sasa mhudumu anasoma simu: floti ni 60,700. Anahesabu droo: 38,800.

"Tajiri, hesabu imekataa."

"Kwa ngapi?"

"Mia tano."

Kwa jumla moja mazungumzo yanaishia hapo, maana 60,700 na 38,800 ni 99,500. Kwa pande mbili yanaanza: floti ina ziada ya 2,400, keshi ina upungufu wa 2,900.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni sehemu inayofanana pande zote mbili, yaani 2,400. Floti ikizidi na keshi ikapungua kwa kiasi kimoja, pesa haijapotea, ila daftari halisemi kweli kuhusu kilichotokea. Ama kuna kutoa kwa 2,400 ambako hakukuandikwa, ama kuna kutoa kwa nusu yake, 1,200, kulikoandikwa kwenye safu ya kuweka. Kosa la safu huhesabika mara mbili, kwa sababu umeondoa pale ulipopaswa kuongeza. Kwa hiyo mhudumu anatafuta 2,400 kwenye meseji za laini, asipoipata anatafuta 1,200 kwenye safu ya kuweka. Anaipata, mstari wa saa tisa na kitu alasiri. Meseji ya muamala ule inasema mteja alitoa. Anairekebisha: kuweka sasa ni 82,200 na kutoa ni 52,900. Floti inayotarajiwa inakuwa 60,700, sawasawa na simu. Keshi inayotarajiwa inakuwa 39,300, na droo ina 38,800.

Mwenye macho ataniuliza: jumla moja ilisema mia tano tangu mwanzo, huku kuzunguka kote kumeleta nini? Kumeleta jambo moja kubwa. Floti imefungika hadi shilingi ya mwisho, kwa hiyo hakuna aliyebonyeza kiasi vibaya na hakuna mteja wa kupigiwa simu arudishe. Mia tano imetoka kupitia noti: ama alipewa mtu noti ya elfu badala ya mia tano, ama kuna kitu kilinunuliwa hakikuandikwa. Na kuna zaidi. Kabla ya kwenda benki mhudumu alihesabu droo akakuta 76,500. Mpaka saa ile daftari lilikuwa na kuweka 61,000 na kutoa 24,500, ambazo zikiingizwa kwenye 40,000 za asubuhi zinatoa 76,500 hiyo hiyo. Basi kosa limetokea baada ya adhuhuri, na karibu robo tatu ya kuweka na karibu nusu ya kutoa kwa siku ile hazina haja ya kutazamwa tena. Kuhesabu droo mara moja katikati ya siku ni kazi ya dakika tano, na safari ya benki ndiyo nafasi yake, kwa kuwa noti ziko mkononi tayari.

Sasa chukua hadithi ya pili yenye mia tano ile ile. Mchuuzi analeta 5,000, daftari linaandikwa 5,000, lakini kwenye simu zinawekwa 500. Mhudumu, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, hasemi kitu, na ile 5,000 haiingii kwenye droo. Jioni floti ina ziada ya 4,500, keshi ina upungufu wa 5,000, na jumla moja inasema: mia tano. Inalipwa, watu wanalala. Kesho yake mchuuzi anakuja na simu yake kudai 4,500 zake, na hasara ya kweli inajulikana kuwa ni 5,000 nzima.

Hapa lazima niseme mipaka ya pande mbili pia. Ziada ya 4,500 na upungufu wa 5,000 zinaweza kusomeka kama mfano wa kwanza: kutoa kwa 4,500 kusikoandikwa, pamoja na noti ya mia tano iliyopotea. Pande mbili hazitofautishi hayo. Kinachotofautisha ni taarifa ya laini, ambayo itaonyesha kuweka kwa 500 mahali daftari limeandika 5,000, wala haitaonyesha kutoa kokote kwa 4,500. Ndiyo maana siihesabu njia ya tatu kuwa mshindani wa ya pili. Ni tochi, unaiwasha pande mbili zikishakwambia uangaze wapi.

Baada ya majuma machache ya kufunga hivi mtu huanza kulisoma pengo kwa kulitazama. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi:

| Floti | Keshi | Anza kutafuta hapa |
|---|---|---|
| sawa | pungufu | noti zilizohesabiwa vibaya, matumizi yasiyoandikwa, au mkono kwenye droo |
| zaidi | sawa | kuweka kulikobonyezwa kidogo kuliko keshi iliyopokewa, au kamisheni imeingia |
| pungufu | sawa | kuweka kulikobonyezwa zaidi, au meseji bandia ya kutoa |
| zaidi | pungufu kwa kiasi kile kile | kutoa kusikoandikwa, au nusu yake kwenye safu isiyo yake |
| pungufu | zaidi kwa kiasi kile kile | kuweka kusikoandikwa, au nusu yake kwenye safu isiyo yake |

Mstari wa tatu ndio unaostahili kukimbiliwa. Ukibonyeza 5,000 mahali pa 500, yule mteja ana 4,500 za bure kwenye simu yake, na kila dakika inayopita ndivyo uwezekano wa kuzirudisha unavyopungua, kwani kilichokwisha kutolewa au kutumwa kwingine hakirudishiki kirahisi. Meseji bandia nayo huacha alama ile ile. Mtu anakuonyesha "ametoa" 6,000, wewe unaona ujumbe kwenye simu ya kazi unaofanana na wa kweli, unampa noti na unaandika. Daftari linasema kutoa 6,000, droo imepungua 6,000 kama daftari linavyotaka, lakini laini haikupanda. Kinga yake haingoji jioni: kila meseji ya kweli hutaja salio jipya la floti, na salio hilo lazima liwe lile la meseji iliyotangulia likiongezwa au kupunguzwa kwa muamala huu. Mnyororo ukikatika, usitoe noti. Uliza salio kwenye laini yenyewe kwanza.

Kuna hila moja ya wahasibu inayofaa sana kibandani. Pengo likigawanyika kwa tisa bila kubaki, kwanza shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ukiandika 4,500 badala ya 5,400, pengo ni 900. Ukiandika 500 mahali pa 5,000, pengo ni 4,500, nalo linagawanyika kwa tisa pia. Si ushahidi, lakini linakuelekeza jicho.

Kuhusu taarifa ya laini sitakaa sana. Ni sahihi kuliko daftari, kwa sababu haiandikwi na mtu aliyechoka. Ina msimbo wa kila muamala, saa, kiasi na salio. Lakini haijui droo. Haijui kwamba hamali alilipwa mia mbili kwenye keshi ya kazi, wala kwamba mwenye kibanda alipita saa saba akachukua elfu ya nyumbani. Anayetegemea taarifa peke yake atafunga floti vizuri kila siku huku keshi ikivuja. Kuipitia yote kila usiku pia ni kazi inayochosha, na mtu akichoka huanza kuweka alama ya vema bila kusoma. Ipitie nzima mara moja kwa wiki, na usiku wowote upande wa floti unapokataa.

Kamisheni ndiyo inayoharibu hesabu za watu wengi waliokwisha kuzijua hizo njia zote. Kuna wanaoikadiria kila jioni na kuiingiza kwenye jumla, wakisema ni yao. Ni yao kweli, lakini haiko kwenye droo wala kwenye floti. Kwa M-Pesa inajikusanya mwezi mzima na kulipwa baada ya mwezi kwisha, na kama uko chini ya wakala mkuu, kuna sehemu inayobaki kwake. Ukiiweka kwenye hesabu ya kila siku unakuwa umetia namba ya kukisia katikati ya namba mbili za kuhesabika, na kuanzia hapo pengo lolote linaweza kufunikwa kwa kusema "hiyo ni kamisheni".

Mimi naona ikae kwenye ukurasa wake. Kila jioni andika idadi ya kuweka na idadi ya kutoa kwa viwango, kwa kuwa kamisheni hulipwa kwa viwango vya kiasi na si kwa asilimia moja ya kila kitu. Kutoa kumi kwa 300 na kutoa kumoja kwa 3,000 havilipi sawa. Mwisho wa mwezi linganisha makadirio yako na kilicholipwa. Tofauti ndogo usiisumbukie. Tofauti kubwa ina sababu tatu za kuulizia: mgao wa wakala mkuu, kodi iliyokatwa kabla, au miamala iliyohesabiwa kuwa ilikatwakatwa. Hii ya mwisho ni pale mteja anapoleta 3,000 nawe ukaziweka mara tatu ili upate kamisheni zaidi. Mtandao unaizuia, na pesa uliyodhani umeipata haiji.

Siku kamisheni inapolipwa, kama inaangukia kwenye laini ile ile ya kazi, iandikwe saa ile ile kama mtaji ulioingia, kwenye mstari wake. Isipoandikwa, jioni floti itakuwa na ziada ya maelfu bila muamala wowote, na mhudumu asiyeambiwa atadhani amebonyeza vibaya mahali, au, afadhali tusiseme, atajua la kufanya na ziada hiyo. Ukiamua kuitoa kamisheni iwe faida yako, itoe kwenye droo: usiiandike kwenye safu ya kutoa, andika kwamba keshi imeondoka kwenye kibanda, na jumla ya kufungulia kesho irudi kwenye mtaji wako wa kawaida.

Wenye laini zaidi ya moja wana jambo la ziada. Tangu 2014 wakala wa Kenya anaweza kuhudumia mitandao kadhaa, na vibanda vingi vya Mombasa vina M-Pesa, Airtel Money na uwakala wa benki moja au mbili kwenye meza moja. Floti ni kadhaa lakini droo ni moja. Jumla moja bado inafanya kazi, unajumlisha floti zote. Ila mteja wa Airtel Money akiandikwa kwenye safu ya M-Pesa, jumla haitashtuka. Pande mbili zitashtuka: floti moja zaidi, nyingine pungufu kwa kiasi hicho hicho, keshi sawa. Kila laini iwe na safu zake za kuweka na kutoa, na keshi iwe na safu moja kwa wote. Ukitumia jedwali kwenye simu, fomula ya kila laini ni ile ile ya juu. Kama floti ya kufungulia iko B2, kuweka C2, kutoa D2 na iliyonunuliwa E2, basi:

```
=B2-C2+D2+E2
```

Keshi iliyokwisha kupelekwa benki na floti bado haijaingia iwekwe kwenye safu ya tatu, njiani. Bila safu hiyo utaona upungufu wa 30,000 usiku na ziada ya 30,000 asubuhi, na utapoteza usingizi bure.

Kuna makosa ambayo hakuna njia kati ya hizi itakayoyaona. Ukiweka pesa kwenye namba isiyo ya mteja, keshi umepokea na floti umetoa, kila upande unafunga safi. Utajua mteja atakaporudi, au papo hapo ukisoma jina kwenye meseji kabla hajaondoka dirishani. Noti bandia nayo huhesabika kama noti, mpaka karani wa benki airudishe.

Sasa uamuzi. Ukiwa mwenyewe dirishani, laini moja, na matumizi ya nyumbani hayagusi droo, jumla moja kila usiku inatosha, na pande mbili ufanye siku inapokataa, maadamu daftari umeliandika. Ukiwa na mhudumu, hata akiwa mdogo wako wa tumbo moja, pande mbili kila usiku, na daftari lisainiwe na aliyefunga. Ukiwa na zamu mbili, pande mbili zifungwe wakati wa kubadilishana na si usiku tu: anayeondoka na anayeingia wahesabu noti pamoja, wasome salio la kila laini pamoja, na waandike namba nne, yaani floti na keshi iliyotarajiwa, floti na keshi iliyopo. Bila hivyo pengo la saa nane litalipwa na mtu aliyeingia saa tisa.